Kartushi Iliyopita Tarehe

Mume wangu alikuwa mtu wa tarehe. Akinunua kopo la maziwa, kwanza anageuza chini asome. Mkate wa pakiti, anageuza. Mdogo wake alifariki baada ya kunywa vidonge vilivyopita muda, vilivyouzwa katika kibanda cha mbao pale Mabanga, na tangu mazishi hayo nyumbani kwetu Katoyi hakikulala tena kitu chenye tarehe iliyopita. Sikumcheka kwa hilo, ingawa mimi ni mtu wa kucheka watu. Mji mzima wa Goma ulikuwa na tabia hiyo hiyo. Tulikuwa tumeuziwa mara nyingi dawa mbovu na samaki wa makopo yaliyovimba, kiasi kwamba tulisoma tarehe kabla ya kusoma jina la bidhaa. Na wale waliotuuzia vitu vya uongo walijua vizuri macho yetu yanakimbilia wapi.

Tulikuwa na sekretaria ndogo Mabanga, chumba kimoja kinachotazama barabara ya mawe meusi, chenye kompyuta, mashine ya kuchapa na meza ya kukatia picha. Watu walikuja kuandikisha barua za kuomba kazi, vyeti vya ubatizo, matangazo ya misiba. Mashine ile ilikula kartushi, yaani lile gamba jeusi lenye unga wa wino linaloingia tumboni mwake. Kartushi ndiyo iliyokuwa roho ya biashara. Ikiisha, sisi ni watu waliokaa katika chumba.

Mimi nilizijua kartushi kabla ya kuwa na duka. Nilikuwa karani wa vifaa katika ofisi moja ya wageni, na kazi yangu ilikuwa kuagiza, kupokea na kukataa. Kukataa ndiko nilikokupenda. Fundi aliyekuja kutoka Kampala kutufunza alitupanga mbele ya dirisha akatuambia tuinamishe sanduku kwenye mwanga, tutazame ile lebo ya ulinzi iliyobandikwa pembeni. Katika lebo ya kweli, ukiinamisha sanduku mbele na nyuma, picha mbili zinatembea kwa kupishana, moja inapanda na nyingine inashuka. Ukilizungusha upande, zinatembea pamoja. Ya uongo inang'aa tu, picha haziendi popote. Halafu alituonyesha herufi zilizofifia kingo, gundi iliyopakwa mara ya pili, mfuko wa ndani uliofungwa kwa mkono. Na ukishafungua, alisema, tazama lile bomba la rangi linalogusa karatasi. Kartushi mpya haina mikwaruzo ya kuzunguka wala unga pembeni. Ikiwa navyo, ni gamba la zamani lililookotwa na kujazwa unga wa mtu asiyejulikana.

Waasi walipoteremka kutoka vijiji vya juu na wageni wetu wakaamua kufunga ofisi, sisi wafanyakazi tulinunua vitu vilivyobaki. Wengine walichukua viti. Mimi nilichukua kartushi, zote ambazo hazijafunguliwa, na nilijisikia tajiri. Nilizilaza juu ya kabati chumbani, mbali na dirisha na mbali na jiko, kila moja ndani ya mfuko wake na sanduku lake. Nilikuwa nikichukua moja moja kwa kupima, kama mtu anavyotoa nguo ya sikukuu.

Kisha tarehe ikapita.

Mume wangu aliisoma siku moja akitafuta soksi. Hakugombana. Alinionyesha kwa kidole, nami nikamweleza alivyotueleza yule fundi. Ile tarehe ni ya mtengenezaji kujilinda. Mpaka hapo anajibu, baada ya hapo hajibu. Wino wa maji ndio wa kuogopa, maana hata ukiwa umefungwa, ukikaa kama miaka miwili unaanza kukauka na kuziba vitundu. Huu wetu ni unga mkavu, unga wa plastiki laini, hauna maji ya kukauka. Ukiwa ndani ya mfuko wake, mahali pa baridi pasipo unyevu wala jua, unavumilia zaidi ya tarehe, mwaka hata na zaidi. Nilisema yote hayo kwa utulivu, jambo ambalo si kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hata muuza vidonge alikuwa na maneno mazuri.

Niliporudi kutoka kanisani Jumapili iliyofuata, juu ya kabati palikuwa peupe. Mume wangu alikuwa amezipakia na kuzipeleka Birere, mtaa wa maduka, kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ofisi, akabadilisha. Alileta masanduku mapya mawili tu, lakini tarehe yake ilikuwa ya mbali sana, na alifurahi mno, akaniwekea mezani kama zawadi. Nilimuuliza swali moja: ni mfanyabiashara gani anayepokea bidhaa iliyokufa na kutoa iliyo hai? Akasema yule baba ni mtu mwema, tena alimpa soda. Niliinamisha sanduku moja dirishani. Picha kwenye lebo zilitulia tuli. Nilimwambia mume wangu kwamba ameuza ng'ombe akanunua mkia, na tukanuniana wiki nzima. Katika mashine ilikuwa imebaki kartushi ya kweli, ya mwisho. Nilisema tutaona ikiisha.

Iliisha siku ambazo mimi sikuwepo.

Mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ulipasuka Jumamosi jioni. Sitaeleza moto, wengi wameueleza, na mimi niliuona mara moja tu kwa kugeuka nyuma. Ninachokumbuka ni siku zilizofuata, ardhi ikitetemeka kila tulipotaka kukaa chini, nyufa zikitembea barabarani, na majivu. Majivu yaliteremka taratibu, membamba, yakakaa juu ya mabati, juu ya kope, juu ya wali. Serikali ilipotuambia tuondoke, mji wote uliingia barabara ya Sake kwa wakati mmoja. Tulifika Minova, na kutoka hapo nikapanda boti na watoto wetu mpaka Bukavu kwa dada yangu. Mume wangu alirudi Goma mapema, kwa sababu wezi walikuwa wameanza kufungua maduka.

Katika msongamano ule wa barabara ya Sake, jirani yetu wa Katoyi alipoteza binti yake. Jirani huyo alikuwa mama kutoka Rutshuru, aliyekimbia waasi na kuja kupanga nyumba nyuma yetu. Mumewe alibaki huko na ng'ombe, na barabara ya Kibati ilikuwa imefungwa kwa moto na kwa bunduki. Mtoto alikuwa bado mdogo, wa umri wa kuanza kuimba nyimbo za shule bila kujua maneno. Lori lilipita, watu wakaruka kando, mkono ukateleza. Mtoto hakujua jina la ukoo wala namba ya simu. Jina lake mwenyewe alilolijua lilikuwa Bebe, kama nusu ya watoto wa Goma.

Mama yule alikuwa na picha moja tu katika simu, binti amevaa sweta, anacheka, pengo la jino linaonekana. Alirudi Goma, akaenda kwa mume wangu kabla hata hajatafuta chakula. Mume wangu alimpangia tangazo zuri, uso mkubwa katikati, jina chini, namba ya simu chini ya jina. Karatasi za kwanza zilitoka zimefifia, hazifai kubandikwa, kisha kartushi ikakata. Akafungua sanduku lile jipya lenye tarehe ya mbali, akaendelea kuchapa rundo zima. Hakumtoza kitu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nitasema mengine.

Mama alizifunga karatasi ndani ya kitenge, akapanda pikipiki, akazibandika kuanzia Mabanga mpaka Sake. Kwenye nguzo, kwenye milango ya makanisa, kwenye kuta za shule walimolala watu. Kisha akarudi kukaa na simu mkononi. Simu haikuita.

Nilirudi kwa boti ardhi ilipoanza kutulia. Kutoka bandarini nilitembea kwa miguu, na mji ulikuwa na ukimya ambao sikuupenda. Hata walevi walizungumza kwa kunong'ona. Kila kitu kilikuwa cha kijivu. Katika nguzo ya kwanza ya Mabanga niliona karatasi ya lile tangazo nililoambiwa kwa simu, nikatambua herufi za mashine yangu, jinsi mtu anavyotambua mwandiko wake. Katikati ya karatasi, mahali pa uso, palikuwa na wingu. Nikafikiri ni majivu. Nilinyosha mkono nipanguse, na palipokuwa na wingu pakabaki peupe. Kidole changu kilikuwa cheusi. Majivu ya mlima wetu si meusi namna hiyo, wala hayatelezi kama mafuta.

Nilisimama pale nikiwa na hofu kubwa kuliko niliyokuwa nayo siku ya moto. Mashine yangu ilikuwa ya kuyeyusha unga: unga unaanguka juu ya karatasi kwa umbo la uso, kisha unapita kwenye joto, unayeyuka na kuishika karatasi. Unga wa kweli umetengenezwa kwa ajili ya joto la mashine hiyo. Unga wa uongo hautambui joto hilo; unakaa juu juu, unangoja mtu auguse. Na mji huu, wiki hiyo, ulikuwa unapangusa kila kitu. Watu wema walipita mbele ya picha ya mtoto aliyepotea, wakaona imechafuliwa na majivu, wakamfuta uso kwa huruma. Nilitembea kutoka nguzo moja hadi nyingine, na kila mahali paliposimama watu wenye roho nzuri, mtoto hakuwepo tena. Jina na namba ya simu pia vilikuwa vimekwenda. Mahali pengine zilibaki tarakimu chache, zisizoweza kumpigia mtu yeyote.

Dukani nilifungua tumbo la mashine. Unga ulikuwa umemwagika kila kona. Bomba la kartushi lilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho, gamba lililokwisha fanya kazi ya mtu mwingine zamani. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.  Nilichukua mojawapo ya karatasi zilizobaki mezani, nikapitisha kidole gumba juu ya uso wa mtoto mbele ya macho yake. Alikaa chini.

Mama wa mtoto alikuja mchana huo. Nilimwonyesha kwa sababu sikujua namna ya kumficha. Alitazama kidole changu.

“Mimi mwenyewe nilizifuta,” akasema. “Nilipita tena ku Sake, nikaona zimechafuka. Nilifikiri ni majivu.”

Nilimshika mabega. Nilikuwa na hasira ambayo haikujua pa kwenda, nikaamua iende Birere.

Mashine nyingine hatukuwa nazo. Sekretaria za jirani zilikuwa zimefungwa, wenyewe wako Bukavu au ng'ambo Gisenyi. Lilibaki lile sanduku la pili la uongo, halijafunguliwa. Nilisafisha mashine kwa kitambaa kikavu mpaka ikaacha kutema unga, nikachukua sanduku lile, nikamwambia mume wangu tuondoke.

Yule mfanyabiashara alikuwa amefungua mlango nusu. Mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi katika mji usio na umeme, sauti ya chini. Ndani ya mlango, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mtu mwenye sare na bunduki magotini, hakutusalimia, na hatukuambiwa analinda nini. Nyuma yao ukuta mzima ulikuwa masanduku ya kartushi, yamepangwa vizuri, na mabati ya paa yalikuwa yakilia kwa joto. Mume wangu alitaka kuanza kueleza. Nilimkanyaga mguu. Kwa mtu wa namna ile, ukimwita mwongo mbele ya bunduki, maneno yanabadilika kuwa kitu kingine.

Nilisema tu kwamba hili sanduku halifai mashine yetu na ningependa kubadilisha kwa jingine, moja kwa moja. Alilipokea, akaligeuza, akaona halijafunguliwa, akakubali kwa adabu. Niliomba nichague mwenyewe. Akanikumbusha sheria ya pale: sanduku likifunguliwa limenunuliwa, na hakuna kurudi. Nilimwelewa. Alikuwa akiniambia kwamba nitachagua mara moja.

Nilitazama ukuta ule. Masanduku yote yalikuwa ya aina moja, na yote yalikuwa na tarehe nzuri ya mbali. Ya kwangu yalikuwa humo mahali fulani, nilikuwa na uhakika. Mtu hapokei bidhaa iliyokufa kwa sababu ya upole, anaipokea kwa sababu anajua haijafa. Lakini alikuwa ameyachanganya na mengine. Nilijaribu simu kwanza, maana lebo ya kweli ina alama ya mraba unayoipiga picha, na mtengenezaji anakujibu kama ni yake. Mtandao wa intaneti ulizunguka, ukazunguka, ukakata. Ule mlima ulikuwa umekata hata huo.

Nikaanza kutoa moja moja na kuisogeza kwenye mwanga wa mlango, karibu na magoti ya yule mwenye sare. Inamisha mbele, inamisha nyuma. Inang'aa, haiendi. Weka chini. Nyingine, herufi kama zimelowa. Weka chini. Mfanyabiashara aliacha kutabasamu, akaanza kunitazama mikono. Mume wangu alikuwa akitokwa na jasho, na mimi pia. Nilifika safu ya chini, pembeni, palipo na kivuli, nikainamisha moja, na zile picha mbili zikapishana, moja ikapanda, nyingine ikashuka.

Niliirudia ili nisijidanganye. Kisha nikapitisha ukucha juu ya tarehe. Kwenye masanduku mengine tarehe ilikuwa imechapwa moja kwa moja, laini. Hapa ukucha uligonga ukingo. Kikaratasi kidogo kilikuwa kimebandikwa juu, kwa ustadi, rangi ile ile.

Ndipo yule mfanyabiashara akasema ukweli, na ukweli wake uliniogopesha kuliko uongo wake wote.

“Iyo imepita, mama,” alisema kwa upole. “Toa ile etiketi, utaona. Imepita zamani. Kamata mupya, mimi sitaki ukuje kunilaumu.”

Nikatoa kikaratasi. Chini yake palikuwa na tarehe niliyoijua, iliyopita. Mume wangu aliinama akaisoma, na niliona uso wake ukibadilika. Hakuwa akiniona mimi pale, nadhani. Alimwona mdogo wake.

“Tukamate ya mupya,” aliniambia kwa sauti ya kuomba. “Iyo imekufa. Mutoto wa batu, mama. Tusicheze na mutoto wa batu.”

Sitasema nilikuwa na uhakika. Tarehe nilikuwa naielewa. Kilichonitisha ni yale mabati. Juu ya kabati langu palikuwa na ubaridi. Hapa unga ulikuwa umekaa wiki nyingi chini ya joto la mchana, katika mji wenye unyevu wa ziwa, na unga uliopata joto kali unaweza kushikana madonge ndani. Nilibonyeza sanduku, nikahisi mfuko wa ndani, haukuwa na tundu wala kulegea ovyo. Lilikuwa limekaa safu ya chini, kwenye sakafu ya saruji, kwenye kivuli. Hicho ndicho nilichokuwa nacho mkononi. Upande wa pili palikuwa na ukuta wa masanduku yenye tarehe nzuri, na kila moja lingemfuta mtoto yule tena.

“Ni hii njo nataka,” nikasema.

Mfanyabiashara aliinua mabega, akamtazama mwenye sare, kisha akatufungulia mlango.  Njiani mume wangu alinibebea sanduku mikono miwili mbele, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwuma.

Dukani nilipasua mfuko. Bomba lilikuwa safi, linang'aa, halina mkwaruzo hata mmoja, na ule utepe wa kuvuta ulikuwa mahali pake. Niliishika kartushi kwa ncha mbili, nikaitikisa polepole kushoto na kulia ili unga ujipange, nikavuta utepe, ukatoka mzima. Jenereta ya jirani ilituazima umeme. Karatasi ya kwanza ilitoka imefifia upande mmoja, na mume wangu akageuza uso. Ya pili ilikuwa bora. Ya tatu ilikuwa na sweta, nyuzi zake zote, na pengo la jino.

Sikumpa mtu. Niliisugua kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa kitambaa kibichi. Mtoto aliendelea kucheka. Mama yake alianza kulia, na mimi nikamwambia asilie juu ya karatasi, kwa ukali kabisa, kwa sababu nilikuwa karibu kulia mwenyewe.

Mume wangu alizipeleka Sake yeye mwenyewe asubuhi iliyofuata. Alibandika mpya juu ya kila iliyofutika. Barabarani watu walikuwa wakirudi Goma na magodoro kichwani, wengine wakiendelea kwenda mbele, kuelekea Masisi, kwa sababu hawakuuamini tena mlima. Aliniambia baadaye kwamba kila familia iliyompita ikielekea milimani, alihesabu watoto wake kwa macho na kutafuta anayetembea bila kushikwa mkono. Huko juu kulikuwa na watu wenye silaha wa kila jina. Mtoto akiingia huko na watu wasiomjua, tangazo halimfuati.

Simu iliita kabla ya jua kuwa kali. Nilikuwa na mama wa mtoto, na ni mimi niliyepokea kwa sababu alinisukumia simu. Tulichukua pikipiki mbili.

Lilikuwa kanisa dogo la mbao, nje kidogo ya Sake, na mama mmoja wa hapo, mwenye kilemba cha bluu, ndiye aliyekuwa amepiga simu. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkeka, amenyolewa nywele kwa ajili ya chawa, anakohoa, amevaa shati la mtu mkubwa. Mama yake alimkimbilia, akapiga magoti, wakashikana. Mume wangu, niliyekuwa nimempigia, alisimama mlangoni; asubuhi alibandika pale watoto wakiwa wamekwenda kunawa. Karatasi yake mpya ilikuwa ukutani, juu kidogo ya mkeka, na ile ya zamani ilikuwa bado imetokeza chini yake, nyeupe katikati.

Mama wa kilemba alieleza huku akijifuta macho. Mtoto alifika siku ya kwanza na kundi la watu, wakamwacha. Karatasi iliwekwa siku chache baadaye, wakati wakubwa wote wako kwenye foleni ya maji na watoto wamewafuata. Walipoiona ilikuwa imejaa majivu, na yeye mwenyewe aliipangusa ili mtu asomeke. Hakusomeka mtu. Kulikuwa na mume na mke wema waliokuwa wakielekea juu, hawana mtoto, na walikuwa wamekubaliana kumchukua huyu siku ile ile, baada ya chakula. Vifurushi vyao vilikuwa tayari pale kwenye benchi. Niliviona. Mke alikuwa amekaa karibu navyo, akitazama chini.

“Lakini hatukumusahau ule wa ku karatasi,” mama yule aliongeza haraka, kama anayejitetea. “Kila mangaribi tulikuwa tunamuombea, ule mutoto asiye na uso, Mungu amurudishe kwa mama yake. Na huyu Bebe njo alikuwa anaitika amina kwa nguvu kupita bote.”

Mtoto alisikia neno hilo kutoka mabegani kwa mama yake. Akafikiri tunaanza kuomba, akafumba macho.